Kumpendekeza rafiki kwa kazi uliyoikataa: Yapo ya kufanya kabla ya kutaja jina

MTU anapopigiwa simu na wakala wa ajira na kuelezwa kuhusu kazi ambayo hawezi kuichukua, aghalabu huwa na jina la rafiki kwenye ncha ya ulimi. Katika miji kama Kitale na Bungoma, ambako wahasibu, wasimamizi wa maghala na maafisa wa kilimo hufahamiana kwa miaka, jina hilo hutamkwa papo hapo. Nambari ya simu hufuata, na mazungumzo huishia hapo.

Huenda nia ikawa njema, lakini pendekezo la namna hiyo huwa na kasoro tatu. Rafiki hajaulizwa. Wakala hajaelezwa kwa nini mtu huyo anafaa. Na anayependekeza hajajiuliza swali lililo zito kuliko yote, yaani iwapo sababu iliyomfanya aikatae kazi hiyo inatokana na hali yake binafsi au inatokana na kazi yenyewe.

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua kama rafiki anafanyiwa hisani au anatwikwa mzigo ambao mwenziwe ameukwepa.

Ili jambo lieleweke, na tuchukue mfano wa kubuni. Msimamizi wa ghala aliye Kitale anapigiwa simu na afisa wa kuajiri kutoka Nairobi. Kampuni binafsi inayouza mbegu na mbolea inatafuta mtu wa kusimamia ghala lake mjini Bungoma. Mshahara unaotajwa ni kati ya Sh55,000 na Sh65,000 kwa mwezi, na kazi ianze kabla ya msimu wa upanzi, ambao katika eneo hilo huanza mvua za Machi zinaponyesha.

Msimamizi huyo hataki kuondoka Kitale. Watoto wanasoma huko, ana shamba karibu na Kiminini, na kusafiri kwa matatu kila siku kupitia Kamukuywa hadi Bungoma na kurudi kungemmalizia muda na nauli. Lakini anamjua mwanamke waliyefanya kazi pamoja katika ghala la nafaka mjini Kitale kwa misimu mitatu. Sasa mwanamke huyo anaishi karibu na Kanduyi, Bungoma, na ameajiriwa kama karani wa duka la pembejeo.

Je, amtaje? Na iwapo atamtaja, aanzie wapi?

Kukataa kwanza, kupendekeza baadaye

Hatua ya kwanza ni kuikataa kazi kwa maneno yasiyo na shaka. Wengi hukwepa hapa. Husema "nitafikiria" au "labda mwezi ujao", kisha katika sentensi iyo hiyo wakataja jina la rafiki.

Kwa afisa wa kuajiri, mtu aliyesema atafikiria bado yumo kwenye orodha. Hivyo anabaki na watu wawili, mmoja aliyemtafuta mwenyewe na mwingine aliyeletwa na huyo wa kwanza. Ni kawaida amfuate yule wa kwanza na kumweka wa pili akiba. Rafiki aliyedhani amefunguliwa mlango hujikuta akishindana na mtu yule yule aliyemfungulia.

Jibu linalofaa ni fupi: anashukuru kwa kukumbukwa, hawezi kuichukua nafasi hiyo, na sababu ni kwamba familia yake iko Kitale na haina mpango wa kuhama. Sababu hutajwa kwa makusudi. Afisa akisikia kwamba tatizo ni umbali, hujua kazi yake haina dosari machoni pa mtu huyo, na hupata fununu kwamba mkazi wa Bungoma angeweza kuikubali.

Baada ya hapo ndipo ombi linapofuata, na hata wakati huo halina jina: "Kuna mtu ninayemfahamu anayeishi Bungoma na aliyewahi kufanya kazi ya aina hii. Mkiniruhusu, nitamuuliza kama angependa kuwasiliana nanyi. Je, ninaweza kumweleza jina la kampuni na kiwango cha mshahara?"

Swali hilo la mwisho halikosi maana. Wapo waajiri wanaotafuta mtu kimya kimya kwa sababu aliye kwenye nafasi hiyo bado hajajulishwa kwamba ataondoka. Habari ikifika sokoni Chwele kabla ya wakati wake, wakala hupoteza mteja na aliyeisambaza hupoteza imani ya wakala.

Sababu ya kukataa ni ya nani?

Kabla ya kumpigia rafiki, anayependekeza anapaswa kuzigawa sababu zake mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazomhusu yeye peke yake, kama vile masomo ya watoto, shamba, mgonjwa nyumbani, au kuridhika na kazi aliyo nayo. Fungu la pili ni zile zinazohusu kazi yenyewe: mshahara usiolingana na majukumu, mwajiri anayejulikana kuchelewesha malipo, cheo kinachobadilika kila mazungumzo yanapoendelea, au nafasi ambayo imeachwa na watu kadhaa kwa muda mfupi.

Zikiwa za fungu la kwanza, kazi inaweza kupitishwa kwa mwingine bila kusita. Zikiwa za fungu la pili, rafiki anastahili kuzisikia zote kabla ya kuamua. Si lazima azikatae. Mshahara usiomtosha mtu aliye na kazi huenda ukamfaa asiye na kazi. Lakini uamuzi huo ni wake, na hawezi kuufanya vyema iwapo ameambiwa tu kwamba "kuna nafasi nzuri."

Katika mfano wetu, sababu kuu ni umbali. Hata hivyo, msimamizi huyo aligundua jambo jingine alipozungumza na afisa. Alipouliza kwa nini nafasi iko wazi, aliambiwa kwamba aliyekuwapo aliondoka baada ya hesabu ya mbolea kutolingana na vitabu. Hilo halimhusu yeye, lakini linamhusu sana atakayerithi ghala. Msimamizi mpya akipokea funguo bila mali kuhesabiwa upya mbele ya mashahidi, upungufu wa mtangulizi wake unaweza kumwangukia.

Habari ya aina hii haipatikani katika tangazo la kazi. Aliyekwisha kuzungumza na mwajiri na kuuliza maswali ndiye anayeijua, na ndiyo faida kubwa anayoweza kumpa rafiki yake kuliko sifa zote.

Idhini kabla ya nambari ya simu

Kumuuliza rafiki kabla ya kulitoa jina lake ni jambo la adabu, lakini lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi inayokusanya habari za mtu izichukue kutoka kwake mwenyewe. Miongoni mwa hali chache zinazoruhusu zichukuliwe kwingine ni pale mwenyewe anapokuwa ametoa idhini. Aidha, taasisi hiyo inapaswa kumjulisha kwamba inazikusanya na kwa lengo gani.

Mtu anayemtajia mwenziwe nafasi ya kazi kwa shughuli zake za kibinafsi si taasisi, na sheria hiyo haikuwekwa ili kuwawinda marafiki. Mzigo unamwangukia zaidi wakala anayeiandika nambari hiyo na kuihifadhi. Ofisi ya Kamishna wa Data imeonyesha kwamba hailichukulii jambo hilo kwa wepesi. Mnamo Septemba 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kupitia kwa watu wengine.

Zaidi ya sheria, kuna hatari ya kawaida zaidi. Huenda rafiki yuko kazini, na simu ya wakala ikampata akiwa ameketi karibu na mwajiri wake. Katika mji mdogo, uvumi kwamba karani fulani anatafuta kazi kwingine hufika dukani kabla yake.

Njia iliyo salama ni kuligeuza pendekezo. Badala ya wakala kupewa nambari ya rafiki, rafiki hupewa nambari au barua pepe ya wakala. Akitaka, atawasiliana. Asipotaka, jina lake halijaandikwa popote na hakuna anayehitaji kueleza chochote.

Arafa ya kwanza kwa rafiki yaweza kuwa hivi: "Dada, habari za Bungoma? Nimepigiwa simu kuhusu kazi ya kusimamia ghala la mbegu na mbolea huko kwenu. Mimi sitaichukua kwa sababu ya watoto na shamba, na nimeshawaambia hivyo. Nimekukumbuka wewe, lakini sijakutaja. Ukiwa na nafasi jioni nikupigie nikueleze yote, mazuri na mabaya. Ukiona haikufai, hakuna neno."

Ujumbe huo mfupi unafanya mambo manne. Unasema aliyeutuma ameshakataa, kwa hiyo hakuna ushindani. Unasema jina halijatolewa. Unaahidi habari za pande zote mbili. Na unamwachia rafiki njia ya kukataa bila kuona haya.

Anachopaswa kuelezwa

Mazungumzo ya jioni yanapaswa kugusa mambo machache kwa ukamilifu. La kwanza ni kazi yenyewe: ghala liko wapi, lina wafanyakazi wangapi, na msimamizi atawajibika kwa nani. La pili ni mshahara uliotajwa, kama ulivyotajwa, bila kuongezwa. La tatu ni ile habari ya upungufu wa mbolea.

La nne ni masharti ambayo rafiki aliye kazini hana budi kuyapima. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, anayelipwa kwa mwezi anapaswa kutoa notisi ya maandishi ya siku 28 kabla ya kuondoka, isipokuwa mkataba wake uwe umeweka muda mrefu zaidi. Mwajiri mpya anayemtaka mtu "Jumatatu ijayo" anamtaka avunje mkataba au alipie siku hizo kutoka mfukoni mwake.

Sheria iyo hiyo inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, ambacho kinaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita mfanyakazi akikubali. Katika kipindi hicho, mkataba unaweza kukatizwa kwa notisi ya siku saba. Maana yake ni kwamba karani aliyethibitishwa kazini anaacha ulinzi wa siku 28 na kuingia penye ulinzi wa siku saba. Pengine nyongeza ya mshahara inatosha kuihalalisha hatari hiyo, pengine haitoshi. Afadhali alipime hilo akiwa bado na kazi.

La tano ni tahadhari dhidi ya matapeli. Mashirika binafsi ya kuwatafutia watu kazi yanahitaji kusajiliwa, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ndiyo pa kuulizia. Anayedai "ada ya usajili" kupitia simu ili jina liwekwe kwenye orodha aachwe. Na tangu Sheria ya Ajira ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri hapaswi kudai vyeti vya kuidhinishwa, kama vile cha mamlaka ya ushuru au cha maadili mema, kabla ya kukusudia kumpa mtu mkataba. Rafiki hana haja ya kutumia pesa kukimbilia vyeti kwa ajili ya mahojiano ya kwanza.

Sifa zilizoshuhudiwa kwa macho

Rafiki akikubali, anayependekeza sasa ana kazi ya kuandika. Hapa ndipo mapendekezo mengi huwa maneno matupu. Wakala hupokea ujumbe unaosema fulani ni mchapa kazi, mwaminifu na mcha Mungu. Kila anayependekezwa huwa mchapa kazi na mwaminifu, kwa hiyo maneno hayo hayamtofautishi na yeyote.

Kinachomsaidia wakala ni tukio. Ujumbe wa msimamizi wetu unaweza kuandikwa hivi:

"Bi, kama tulivyozungumza, ninayempendekeza kwa nafasi ya Bungoma amekubali niwaandikie, na atawapigia mwenyewe kesho asubuhi. Tulifanya kazi pamoja katika ghala la nafaka Kitale kwa misimu mitatu. Yeye ndiye aliyepokea magunia na kupima unyevu wa mahindi. Lori lilipoleta magunia pungufu ya yaliyoandikwa kwenye hati, alikataa kutia saini hadi tofauti iandikwe na dereva akaweka sahihi. Kila jioni alilinganisha kitabu na mali iliyomo ghalani, na katika misimu hiyo mitatu sikuona hesabu yake ikiachwa hadi kesho yake. Hajawahi kusimamia zaidi ya wafanyakazi wanne, na tulitumia vitabu vya karatasi, kwa hiyo sijui uwezo wake wa kutunza hesabu kwa tarakilishi. Ni rafiki wa familia yetu, si jamaa yangu."

Kila sentensi hapo ina kazi. Ya kwanza inaeleza kwamba idhini imepatikana. Muda wa misimu mitatu unaonyesha ushahidi umetoka wapi. Kisa cha lori kinajibu moja kwa moja wasiwasi wa mwajiri, ambaye ametoka kupoteza mbolea. Anayejua kazi ya ghala anaelewa mara moja kwamba hapo ndipo mali hupotelea: mtu akitia saini kwamba amepokea magunia 200 ilhali yamefika 196, manne yanayokosekana yatakuwa deni lake. Na anayejua nafaka anafahamu kwamba mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 huvunda, hivyo kupima unyevu ni kazi ya kuaminiwa.

Sentensi ya udhaifu huwashtua wengi. Kwa nini kutaja kwamba rafiki hajasimamia zaidi ya watu wanne? Jibu ni kwamba wakala atalijua hilo kwa vyovyote vile wakati wa mahojiano. Akilijua kwanza kutoka kwa anayempendekeza, huamini pia yale mema yaliyotangulia. Asipoambiwa, hulitilia shaka pendekezo zima. Waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji walijua sifa zisizo na kipimo zinavyoharibu kitu kizuri.

Sentensi ya mwisho ni ya uhusiano. Eneo la Trans Nzoia na Bungoma lina koo zilizotapakaa pande zote mbili za mpaka wa kaunti, na wakala wa Nairobi hawezi kujua nani ni shemeji wa nani. Uhusiano uliofichwa ukifichuka baadaye, pendekezo la kweli huonekana kama njama.

Nani hukumbukwa, nani husahauliwa

Utafiti umeonyesha kwamba jina linalomjia mtu kwanza si lazima liwe jina linalofaa. Wanauchumi Lori Beaman na Jeremy Magruder walifanya majaribio mjini Kolkata, India, na kuyachapisha mwaka 2012. Waliwapa watu kazi ya muda, kisha wakawataka walete mtu mwingine kwa malipo. Baadhi waliahidiwa malipo yasiyobadilika, na wengine malipo yaliyotegemea jinsi aliyeletwa atakavyofanya.

Walioahidiwa malipo yaliyotegemea matokeo walielekea zaidi kuwaleta wafanyakazi wenza badala ya jamaa. Na wale waliokuwa hodari wenyewe ndio waliojua kumteua hodari mwenzao. Funzo ni kwamba watu wengi wanamjua anayefaa, lakini humtaja aliye karibu nao endapo hawana cha kupoteza.

Jaribio jingine, lililofanywa nchini Malawi na kuchapishwa mwaka 2018, lilibaini kwamba wanaume walioombwa kupendekeza watu kwa kazi waliwataja wanaume wenzao zaidi, ingawa walipotakiwa kuwataja wanawake waliweza kuwapata waliohitimu. Wanawake hawakukosekana, ila hawakukumbukwa.

Hivyo, msimamizi wa Kitale angefanya vyema kujiuliza swali moja kabla ya kumtaja yeyote: iwapo mshahara wake mwenyewe ungekatwa kila mara hesabu ya ghala hilo la Bungoma inapokosa kulingana, angemweka nani pale? Huenda jina likabadilika kutoka kwa binamu asiye na kazi hadi kwa karani wa Kanduyi.

Kazi ya umma ni jambo tofauti

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanahusu mwajiri binafsi. Nafasi ikiwa ya umma, mambo hubadilika. Kifungu cha 232 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja ushindani wa haki na ustahiki kuwa msingi wa uteuzi katika utumishi wa umma. Katika kaunti, kazi hiyo imekabidhiwa bodi za utumishi wa umma, na matangazo yao huonya mara kwa mara kwamba anayetafuta kupigiwa debe ataondolewa kwenye orodha.

Tofauti hii haionekani kwa urahisi katika mji kama Kitale. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye makao yake makuu mjini humo, inauza mbegu kama zinavyouza kampuni za watu binafsi, lakini ni shirika la umma. Anayempendekeza rafiki kwa simu kwa kampuni binafsi anafanya jambo la kawaida. Akifanya vivyo hivyo kwa shirika la umma au kaunti, anaweza kumharibia mtu aliyekuwa na uwezo wa kuipata kazi kwa haki.

Msaada unaofaa hapo ni kumtumia rafiki tangazo kamili na tarehe ya mwisho, na kukubali kuwa miongoni mwa watu wanaotajwa kwenye fomu kama wadhamini wa tabia yake. Atakapoulizwa na bodi kwa maandishi, atajibu kwa maandishi.

Kujiondoa

Ujumbe ukishatumwa, kazi ya aliyependekeza imekwisha. Hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Kuna anayempigia wakala kila juma kuuliza "yule wangu amefikia wapi", na kuna anayejaribu kumpigania rafiki kuhusu mshahara. Yote mawili humfanya mtahiniwa aonekane hawezi kujisemea.

Wakala mwaminifu naye hatamweleza matokeo ya mahojiano, kwa kuwa hayo ni ya mtahiniwa. Atakayetaka kujua amuulize rafiki, na hata rafiki amwache aseme kwa wakati wake. Akikosa kazi, huenda akaona aibu kumweleza aliyemtaja. Inafaa aambiwe mapema kwamba hatadaiwa maelezo.

Suala la fedha nalo litatuliwe mwanzoni. Baadhi ya kampuni huwalipa wanaoleta watu. Ikiwa wakala wetu ameahidi malipo hayo, rafiki aambiwe kabla ya kukubali, ili ajue kwamba anayemshauri ana faida. Lakini anayemdai rafiki sehemu ya mshahara wa kwanza kwa sababu "alimwingiza" amekwisha kuiuza imani ya pande zote mbili. Na anayepokea hongo ili alipitishe jina atambue kwamba Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inagusa sekta ya binafsi pia, si ofisi za serikali pekee.

Inabaki siku ambayo mambo yatakwenda kombo. Rafiki ameajiriwa, na miezi mitatu baadaye mwajiri analalamika. Ikiwa aliyependekeza aliandika alichokiona na akataja asichokijua, hana la kujitetea. Alisema hajui uwezo wa rafiki kwenye tarakilishi, na mwajiri akaamua kumchukua akiwa na habari hiyo. Ikiwa aliandika kwamba rafiki anaweza kila kitu, wakala hatamwamini tena, na atakayeumia ni mtu wa tatu, yule ambaye jina lake lingefuata.

Kwa karani wa Kanduyi, mambo mawili yanabaki mikononi mwake atakapopewa kazi hiyo. La kwanza ni kupata mkataba wa maandishi, ambao sheria inaulazimisha kwa ajira ya miezi mitatu au zaidi. La pili ni kudai kwamba kabla ya kupokea funguo, kila gunia la mbolea na kila pakiti ya mbegu ihesabiwe mbele yake, mbele ya mwakilishi wa mwajiri, na karatasi ya hesabu hiyo itiwe saini na wote wawili. Hilo la pili hangelijua lau aliyeikataa kazi hangeuliza kwa nini ilikuwa wazi.